Orodha ya vifaa vya praktiko ya taitresheni kwa darasa la watu 48: hesabu ya kila kundi na ukaguzi wa kabla na baada

Walimu wenzangu wa kemia, na nyie malabtek mnaobeba mzigo wote huku jina lenu halitajwi, leo naandika kuhusu orodha ya vifaa. Nyingi nilizoziona ukutani au kwenye daftari la maandalio zinasema bureti, pipeti, bika, asidi, besi, basi. Hayo ni majina tu. Orodha ya kweli inakwambia kila kundi linapata ngapi, akiba ni ngapi, nani kakagua kabla, na vimerudi vingapi.

Nilijifunza kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitengeneza asidi lita moja na nusu kwa hesabu ya harakaharaka, nikagawa, na makundi mawili ya nyuma yakaishiwa kabla ya raundi ya tatu. Kwa haraka nikachanganya nusu lita nyingine kwenye bika bila kuipima nguvu. Kundi moja lilikuwa limepata 24.80 na 24.70, raundi ya tatu ikatoka 21.30. Binti mmoja akaja na daftari lake mpaka mezani, akaniuliza, "Mwalimu, hapa tumekosea wapi?" Na hawakukosea popote. Aliyekosea ni mimi, jana yake, nilipokaa kuandika orodha bila hesabu kamili.

Kwahiyo tuchukue praktiko moja tu tuimalize: taitresheni ya HCl na NaOH, kidato cha tatu, wanafunzi 48, kipindi pacha cha dakika 80. Ukiielewa hii, nyingine utabadilisha namba tu.

Hatua ya kwanza: acha kifaa adimu kikupangie makundi

Watu wengi wanaanza na idadi ya wanafunzi, wanasema wanne wanne basi makundi 12, halafu ndo wanaenda kabatini wanakuta bureti 9. Anza kabatini. Kwenye taitresheni kifaa adimu karibu siku zote ni bureti, na usihesabu bureti zilizopo, hesabu zinazofanya kazi.

Jaribio lake ni rahisi ila linataka muda, fanya siku mbili kabla. Funga bureti kwenye stendi, jaza maji kupita alama ya sifuri, fungua koki maji yatoke kwa kasi mpaka hewa yote ya kule chini iishe, halafu shusha maji mpaka sifuri kamili. Futa ncha kwa kitambaa kikavu. Ondoka, kaa dakika 10, rudi. Kama kuna tone linaning'inia kwenye ncha, au maji yameshuka zaidi ya 0.1, hiyo inavuja. Wewe unawadai wanafunzi majibu yanayopishana kwa 0.2 tu, sasa bureti inayopoteza 0.1 kila dakika kumi tayari imekula nusu ya nafasi yao kabla hawajakosea chochote.

Inayovuja usiitupe. Kama koki ni ya kioo, itoe, ifute ikauke, ipake vaselini kidogo sana pembeni mwa tundu pande zote mbili, tundu lenyewe usiliguse, irudishe uizungushe, jaribu tena. Kama koki ni ya plastiki nyeupe ile laini haitaki vaselini, kaza nati yake tu. Kama ni zile za mpira na klipu, mara nyingi mpira umezeeka na kupasuka, badilisha mpira. Na hapa kuna kitu wengi hawakijui: koki ya kioo imesuguliwa pamoja na bureti yake, ni mtu na nduguye, ukiihamishia kwenye bureti nyingine itavuja hata uipake vaselini kopo zima. Bureti zilizooshwa pamoja na koki zikachanganyika kwenye beseni ndo chanzo cha uvujaji mwingi tunaoulaumu uzee. Siku hizi kila koki nimeifunga na uzi kwenye bureti yake.

Kwa mfano wetu tuseme kabatini kuna bureti 15, mbili zimegoma kabisa, zimebaki 13. Makundi yatakuwa 12 ya watu wanne, moja ni akiba. Akiba hiyo ndo unayotumia kuonyeshea mbele, ukimaliza inarudi kusubiri itakayovunjika. Kama zingebaki 9, ningefanya makundi 8 ya watu sita au ningeligawa darasa mara mbili, ila nisingetumia zote 9 nikabaki mikono mitupu. Asubuhi hiyo hiyo moja ikivunjika, watu sita wamekosa praktiko.

Hatua ya pili: andika seti ya kundi moja, halafu zidisha

Jifikirie wewe ndo kundi, umesimama mezani, fanya praktiko kichwani toka mwanzo mpaka mwisho na kila unachonyoosha mkono kukichukua kiandike. Ukifanya hivyo husahau vile vidogo kama funeli na karatasi nyeupe.

| Kifaa | Kundi 1 | Makundi 12 | Akiba | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Bureti 50 ml | 1 | 12 | 1 | 13 |
| Stendi na klampu yake | 1 | 12 | 1 | 13 |
| Pipeti 25 ml | 1 | 12 | 2 | 14 |
| Fila ya pipeti | 1 | 12 | 1 | 13 |
| Flaski ya koniko 250 ml | 2 | 24 | 3 | 27 |
| Bika 250 ml | 2 | 24 | 2 | 26 |
| Funeli ndogo | 1 | 12 | 1 | 13 |
| Wash botoli | 1 | 12 | 1 | 13 |
| Kigae au karatasi nyeupe | 1 | 12 | 1 | 13 |
| Miwani ya usalama | 4 | 48 | 2 | 50 |

Kwenye karatasi halisi ongeza safu mbili kulia, moja "kabla" na nyingine "baada", hizo tutazijaza mbele.

Akiba sijaiweka sawa kwa kila kitu kwa makusudi. Flaski ya koniko inashikwa na kuzungushwa muda wote kwa mkono wenye maji, ndo inayoanguka, kwahiyo tatu. Pipeti ni ndefu, inagonga bomba la sinki ikioshwa, kwahiyo mbili. Stendi haivunjiki, moja inatosha. Angalia kwenye karatasi zako za nyuma ni nini huwa kinavunjika shuleni kwako, ndo uweke akiba hapo.

Pipeti zikague kwa macho moja moja. Ncha iliyomeguka inatoa maji haraka na haiishii palepale kila mara, hiyo iweke pembeni. Ukiijaza maji kisha ukayaachia, ukaona matone yamebaki yamegandia ndani ukutani, ina mafuta, ioshe na maji ya sabuni. Halafu soma namba iliyoandikwa juu ya kila moja, tafadhali sana! Maabara nyingi zina pipeti za 20 na za 25 kwenye boksi moja na kwa mbali zinafanana. Kundi lililopewa ya 20 litapata jibu dogo kuliko wenzao wote, na usipojua sababu utawawekea kosa. Ndo maana hata kwenye karatasi ya mtihani wa praktiko wa NECTA mwanafunzi anatakiwa aandike ujazo wa pipeti aliyotumia. Kwa kipindi cha darasani zote ziwe za ujazo mmoja.

Kama una wasiwasi na pipeti fulani, ipime kwenye mizani. Maji ya pipeti ya 25 ml, kwenye joto la kawaida la nyuzi 25 hivi, yanakuwa na uzito wa karibu gramu 24.9. Ukipata 24.3 hiyo pipeti si ya kuaminika. Lile tone la mwisho linalobaki kwenye ncha usilipulize, pipeti imetengenezwa likihesabiwa kubaki, gusisha ncha ukutani mwa flaski basi.

Fila nimeiweka moja kwa kila kundi na sitaki kuiondoa. Kunyonya NaOH kwa mdomo nimefanyishwa nikiwa mwanafunzi, sitaki mwanafunzi wangu afanye. Kama fila hazipo, sirinji ya plastiki yenye kipande cha mpira kinachobana kwenye kichwa cha pipeti inavuta vizuri, jaribu na maji kwanza.

Miwani isipotosha 48, wavae wale wanaoshika bureti, pipeti na flaski, mwandishi wa kundi akae nyuma kidogo ya meza, wakibadilishana kazi wabadilishane na miwani.

Hatua ya tatu: hesabu ya asidi na besi, hapa ndo penye mtego

Kosa langu la lita moja na nusu lilitoka hapa. Nilizidisha 25 ml mara raundi tano mara makundi 12, nikapata 1500, nikaridhika. Sikuhesabu ya kusuuzia, wala ile inayopotea wakati wa kutoa hewa, wala kundi litakalopitiliza rangi likaomba kurudia.

Besi kwa kundi moja: raundi nne, ya kwanza ya kukadiria na tatu za uhakika, 4 × 25 = 100 ml. Kusuuza pipeti mara mbili, 20 ml. Raundi moja ya kurudia, 25. Na kidogo cha kubaki kwenye bika ili ncha ya pipeti ibaki imezama, maana ikitoka nje inavuta hewa, 5. Jumla 150 ml.

Asidi kwa kundi moja: raundi nne za karibu 25, yaani 100 ml. Kusuuza bureti mara mbili kwa 10, ni 20. Kutoa hewa kwenye ncha, 10. Raundi ya kurudia, 25. Kinachodondoka kwenye funeli na kubaki kwenye bika, 5. Jumla 160 ml.

Sasa zidisha, ongeza onyesho lako kama kundi la 13, halafu weka asilimia 10 juu:

```
Besi:  150 x 13 = 1950 ml, + 10% = 2145 ml
Asidi: 160 x 13 = 2080 ml, + 10% = 2288 ml
```

Zote mbili nazipandisha mpaka lita 2.5, ni rahisi kupima na inabaki kidogo. Na zote zitengenezwe kwa mkupuo mmoja kwenye chombo kimoja, kidumu cha lita 5 kilichooshwa vizuri kinafaa. Kutengeneza lita moja leo na moja na nusu kesho ni kutengeneza asidi mbili tofauti zenye lebo moja.

NaOH ya 0.1 M, lita 2.5:

```
40 x 0.1 x 2.5 = gramu 10
```

Pima haraka maana vile vipande vinavuta unyevu wa hewani, ukivitazama dakika mbili vimeanza kung'aa na kunata. Usipime kwenye karatasi, tumia bika ndogo. Yeyusha kwenye maji nusu lita kwanza, itapata moto, iache ipoe, ndo umimine kwenye kidumu na kujazia. Chombo cha kuhifadhia kiwe cha plastiki, kwenye chupa yenye kizibo cha kioo itang'ang'ania utakuja kuvunja chupa.

HCl ya 0.1 M, lita 2.5: asidi kali ya dukani mara nyingi lebo inaandika 36% na densiti 1.18, hiyo inakuja karibu 11.6 M.

```
(0.1 x 2500) / 11.6 = 21.6 ml
```

Soma lebo ya chupa yako, kama asilimia ni nyingine rudia hesabu. Weka maji kwanza kwenye kidumu, lita moja hivi, ndo umimine asidi polepole, kamwe usifanye kinyume chake, na fanyia karibu na dirisha lililo wazi. Jazia mpaka lita 2.5, funga, pindua kidumu juu chini mara 20 na kitu. Sehemu hii watu wanaipuuza, wanatikisa mara mbili wanagawa, kumbe asidi nzito imelala chini, na makundi ya kwanza na ya mwisho yanapata vitu viwili tofauti.

Indiketa tumechagua methaili oranji. Matone 3 kwa kila raundi, raundi tano, makundi 13, ni matone 195. Mililita moja ni kama matone 20, kwahiyo ni kama mililita 10 kwa darasa zima, wala haina haja ya kuandaa chupa kubwa. Naipenda kwa praktiko hii kwa sababu nyingine pia: NaOH ikikaa inavuta kaboni daioksaidi ya hewani na sehemu yake inageuka kabonati, na kwa methaili oranji hiyo kabonati inahesabiwa yote, jibu haliyumbi sana.

Maji safi: lita 5 za kutengenezea hizo mbili, lita 1 ya kabonati tutakayoiona sasa hivi, na wash botoli 12 za 250 ml ambazo ni lita 3. Hizo 9, andaa 10. Maji yaliyotoneshwa yakikosekana ya mvua yaliyokingwa vizuri yanafaa kuliko ya kisima, maana ya kisima mengi yana chumvi ya baikabonati inayokula asidi yako kimyakimya. Ya kuoshea ni mengine, kama labu yako haina bomba weka ndoo moja ya lita 10 kwa kila makundi matatu, ndoo nne.

Hatua ya nne: kagua kemikali yenyewe, siyo chupa

Kuandika 0.1 M kwenye lebo hakuifanyi iwe 0.1 M. NaOH ilishavuta unyevu kabla hujaipima, na asidi ya kwenye chupa iliyofunguliwa mwaka jana imeshapungua nguvu. Kwahiyo siku moja kabla unafanya taitresheni mbili mwenyewe.

Ya kwanza, pima gramu 5.3 za Na2CO3 kavu, yeyusha, jazia mpaka lita 1, hiyo ni 0.05 M. Natengeneza lita nzima sababu mizani nyingi za shule zinasoma 0.1 tu, ukitaka 250 ml utatakiwa upime gramu 1.325 na mizani hiyo haiwezi. Angalia lebo iwe ile kavu, ile yenye maji kumi ndani yake unahitaji gramu 14.3. Chukua 25 ml yake, tone tatu za indiketa, tia asidi yako. Ikiwa asidi ni 0.1 M kamili utatumia 25.00. Tuseme wastani wako umetoka 24.20:

```
(2 x 0.05 x 25) / 24.20 = 0.103 M
```

Asidi iko juu kidogo. Haina shida, andika 0.103 kwenye lebo uende mbele. Ya pili, 25 ml ya NaOH kwa asidi hiyo hiyo. Tuseme 23.80, basi NaOH ni 0.098 M. Andika 23.80 kwenye karatasi yako ya ukaguzi, duara nyekundu. Hii ndo namba ya mwalimu, makundi yote yanatakiwa kuizunguka.

Kuwa nayo kunakupa macho kipindi kikiendelea. Makundi yote yakipata 24.6, tatizo ni kidumu, hakikuchanganywa. Kundi moja likipata 19.0 na kurudia 19.0, nenda kasome pipeti yao, ni ya 20, piga hesabu uone, 23.80 × 20 / 25 ni 19.04. Kundi likianza na 24.9 kisha 23.8 na 23.8, kulikuwa na hewa kwenye ncha ya bureti, ilitoka katikati ya raundi ya kwanza na kuongeza usomaji. Majibu yakiruka juu ya 23.80 bila mpangilio, uliza kama wanasuuza flaski ya koniko kwa besi, kuna besi ya ziada inabaki mle. Flaski inasuuzwa kwa maji tu na ikiwa na unyevu haidhuru, bureti na pipeti ndo zinasuuzwa kwa kimiminika chake. Na yakishuka chini kidogo, angalia juu, funeli iko bado kwenye bureti inadondosha.

Hatua ya tano: kugawa na ukaguzi wa kabla

Kila kundi lina trei yake, au boksi la karatasi kama trei hakuna, lenye namba 1 mpaka 12, na vyote vipo ndani kabla wanafunzi hawajaingia. Bika mbili zina lebo ya kalamu ya maka, ASIDI na BESI, vimiminika vyote viwili ni kama maji, ukiviacha bila jina vitabadilishana. Asidi ndo iende kwenye bureti, besi kwenye pipeti. Besi ikikaa kwenye bureti yenye koki ya kioo inaigandisha.

Kiongozi wa kundi anapewa nakala ya karatasi ya kundi lake, anahesabu kimoja kimoja mbele ya wenzake, anapitisha kidole polepole pembeni mwa midomo ya flaski na bika akiangalia nyufa kwenye mwanga, anafungua na kufunga koki, anajaza safu ya "kabla", anasaini. Dakika tatu. Kitu kibovu kinabadilishwa hapo hapo. Bila saini hii, jioni kundi litakwambia flaski walipewa ikiwa na ufa, na inawezekana wanasema kweli, na wewe huna cha kuwajibu.

Dakika 80 nazigawa hivi: 15 za ukaguzi na onyesho, 45 za kazi, 20 za kuosha na kuhesabu. Hizo 20 za mwisho nazilinda kuliko zote.

Kabla hawajagusa chochote waonyeshe maji yako wapi. NaOH ikiingia jichoni ni mbaya kuliko asidi hii, inaendelea kula ndani. Maji mengi yanayotiririka, kope zimefunguliwa, dakika 20 bila kukatisha, halafu hospitali hata kama anasema amepona.

Hatua ya sita: ukaguzi wa baada

Kengele ya dakika 20 ikifika kazi inasimama, hata kama kundi linaomba raundi moja. Mabaki yote ya asidi, besi na flaski yanamiminwa kwenye ndoo moja kubwa ya plastiki mbele. Hayarudi kwenye kidumu, hata kama yanaonekana safi, bika moja yenye matone ya maji inatosha kuharibu kidumu chote ulichokipima jana. Ndani ya ndoo asidi na besi zinamalizana zenyewe, zinabaki maji ya chumvi. Gusa kwa litmasi, ikiwa bado kali upande mmoja ongeza kidogo cha upande wa pili, kisha mwaga sinki na maji mengi.

Bureti ioshwe kwa maji ya kawaida mara mbili, koki ikiwa wazi ili na ncha ioshwe, mara ya tatu kwa maji safi. Ile ya koki ya kioo unaweka kipande chembamba cha karatasi kati ya koki na kiota chake isigande, uzi wake ubaki umefungwa, halafu unaigeuza kichwa chini kwenye klampu ikauke.

Halafu kiongozi anahesabu tena mbele yako, safu ya "baada". Hesabu inafungwa hivi: zilizorudi nzima ukijumlisha na zilizovunjika zilizoandikwa ziwe sawa na zilizotoka. Zimetoka flaski 27 pamoja na akiba, zimerudi 26, na kuna moja imeandikwa kuvunjika kundi la 7, sawa, wanaondoka. Zimerudi 26 na hakuna aliyeandika kitu, basi hakuna anayetoka kwanza, mnatafuta, chini ya meza, ndani ya sinki, nyuma ya stendi.

Kuvunja naomba tusikufanye kuwa kesi. Nimewahi kutoa ncha ya pipeti iliyovunjika ndani ya sinki lililojaa maji ya sabuni, nilisikia inanichoma kidole kabla sijaiona. Mtoto aliivunja, akaogopa, akaificha mle. Toka hapo darasani kwangu anayevunja anasema, anaandika kifaa, kundi na ilivyotokea, vioo vinakusanywa kwa brashi na kizoleo vinaingia kwenye kopo maalum lenye mfuniko, siyo kwenye ndoo ya takataka ambayo mtu ataishika kwa mikono.

Cha mwisho pima mabaki kwenye vidumu. Tuseme asidi imebaki 600 ml, basi 1900 imetumika, gawa kwa 13, kila kundi limekula karibu 146. Besi nayo hivyo hivyo. Asidi iliyobaki funga, andika 0.103 M na tarehe, itafaa. NaOH usiitunze ukaiamini wiki mbili baadaye, ikihitajika itapimwa upya. Namba ya 146 naiandika chini kabisa ya karatasi, karibu na ile duara nyekundu, na kwenye karatasi ya darasa la wiki ijayo, pale palipokuwa 160, nishaandika 150.